Redio Iliyoniomba Anwani

Mjukuu wangu anaendesha gari. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloanza nalo kila ninapokutana na mtu, hata kama ameniuliza habari ya mvua. Anashusha watu kutoka kwetu Vudee mpaka Same na kuwapandisha tena. Anabeba wenye ndizi na maharage, wagonjwa, na zaidi ya wote kina mama waliokaribia kujifungua, wale ambao muuguzi wa zahanati akiwatazama tu anasema huyu asilale mlimani. Barabara yetu mnaoijua mnaijua. Upande mmoja mwamba, upande mwingine hakuna kitu. Mjukuu wangu anaishuka kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwao.

Gari ni la baba yake, mwanangu wa pili, anayeuza unga Same mjini. Aliponunua alikuwa na mpango wa kuajiri dereva, mwanamume mzima mwenye tumbo. Mimi nikamwambia, binti yako ana leseni, ana macho mazima, hanywi pombe, unatafuta nini tena? Akasema, "Mama, ile barabara si ya mtoto wa kike." Nikamwambia nilipokuwa na mimba yake niliishuka ile barabara kwa miguu, nikiwa na mzigo kichwani, na yeye mwenyewe tumboni. Akampa binti funguo, lakini kwa masharti: siku akisikia jambo lolote baya, funguo zinarudi.

Sasa habari ya redio.

Gari lilikuja na redio yake ya Kijapani. Kila asubuhi ukiwasha, mama mmoja wa Kijapani anasema neno kwa sauti ya adabu, na hatujawahi kujua anasema nini. Mimi nilikuwa namwitikia, "Marahaba, mwanangu." Redio ile ilikamata stesheni moja tu, nayo kwa kukwaruza. Basi mjukuu akajinyima, akaenda kwa fundi Same, akawekewa redio mpya yenye kioo kikubwa kama trei ya chai. Alinieleza kwamba hii inaungana na simu kwa bluetooth, bila waya. Mtu akipiga, sauti yake inatoka kwenye spika za gari, na dereva anajibu huku mikono iko kwenye usukani. Nikaona hicho ni kitu cha maana. Abiria wa mlimani hawana subira, wakishakuita mara moja wanapiga kila dakika tano kuuliza umefika wapi.

Siku ya kuunganisha, fundi alishamaliza kazi yake ila simu ya mjukuu ilikuwa imezima, haina chaji. Wakakubaliana mjukuu aunganishe mwenyewe nyumbani. Tukakaa garini uani kwangu, yeye anabonyeza redio, mimi nimeshika simu. Simu yake aliiweka Kiswahili kwa ajili yangu, ili nikikaa naye mbele niweze kumsomea jumbe. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini kusoma nasoma. Sisomi haraka. Nasoma nikamaliza.

Simu ikaleta namba sita. Mjukuu akauliza, "Bibi, zinafanana na hizi za kwenye redio?" Nikazilinganisha moja moja kwa kidole, zikafanana. Akanionyesha pa kubonyeza, nikabonyeza, redio ikasema imeungwa. Tukapigiana makofi ya mikono kama wachezaji mpira. Mara mke wa mwinjilisti akapita barabarani, mjukuu akashuka kumsalimia, nikabaki peke yangu na simu.

Hapo ndipo simu ikaleta swali la pili. Nilisoma mara tatu. Iliuliza kama naruhusu redio ile ifikie anwani zetu pamoja na rekodi za simu zilizopigwa.

Ifikie anwani. Sasa niambieni ninyi, mliosoma na msiosoma, anwani ni nini? Anwani ni mahali mtu anapopatikana. Enzi zetu ilikuwa sanduku la posta, siku hizi ni kijiji, kitongoji, nyumba iliyo na bati jekundu. Redio ya gari inataka kufika nyumbani kwetu kufanya nini? Na nilikuwa nimeshasikia habari za matapeli wa simuni, wanaokuita kwa sauti ya upole wakijifanya wajomba zako. Nikasema moyoni, hapa hapa. Chini kulikuwa na maneno mawili, Ruhusu na Kataa. Nikabonyeza Kataa, nikakaza kidole mpaka ukucha ukabadilika rangi. Mjukuu aliporudi sikumwambia, kwa sababu niliona nimeshamaliza hilo jambo kiume.

Nyimbo zikapiga vizuri sana. Kwaya zikatoka kwenye spika zote nne. Simu pia, wiki ile ya kwanza, zilisikika humo humo garini. Kasoro ilikuwa moja: mtu akipiga, kioo kinaonyesha tarakimu tupu, hakuna jina. Ukibonyeza orodha ya majina kwenye redio, unakuta weupe mtupu. Mjukuu akasema labda inachelewa. Mimi nikaona sawa tu.

Halafu, ghafla, simu nazo zikagoma kutoka kwenye spika. Nyimbo zinaimba, mtu akipiga nyimbo zinanyamaza, na sauti ya mpigaji inatoka kwenye simu yenyewe, kule mapajani mwake, nyembamba kama ya mbu. Nikimuuliza mjukuu imekuwaje, ananijibu kwa mkato, "Redio za siku hizi, Bibi." Akawa anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili umebana simu sikioni, kwenye kona ambazo mimi nafumba macho. Nilimwambia asimame kwanza. Akaniuliza, "Nisimame wapi, Bibi? Hewani?" Na kweli hapana pa kusimama. Kuiacha iite pia hakuweza, maana bila kutazama simu hakujua kama ni mtu wa ndizi au ni muuguzi mwenye mzazi mkononi.

Siku moja akafika chini kwenye lami simu ikiwa bado sikioni. Trafiki walikuwepo, na walifanya kazi yao. Kabla hajafika dukani kwa baba yake, habari ilikuwa imeshafika na imeshakaa kitako.

Mwanangu alinipigia mimi, si yeye. "Mama, nilisema. Jumatatu nampa dereva mwingine funguo. Nimeshaongea naye."

"Ana tumbo?"

"Mama, sifanyi utani."

"Na mimi sifanyi. Leo ni Alhamisi. Kesho nakwenda naye kwa fundi. Redio ikipona, utanisikiliza. Isipopona, chukua funguo zako."

Akasema redio haina uhusiano na tabia. Nikamwambia mtoto aliyenunua redio kwa fedha yake ili asishike simu hana tabia mbaya, ana redio mbaya. Hapo nilikuwa najiamini kabisa.

Usiku ule, nikipepeta maharage ya makande, mjukuu alikaa mlangoni hasemi. Huyu ni mtu wa kuimba, hata akifua anaimba. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, kula." Ndivyo ninavyomwita tangu mdogo, kwa utani wa bibi na mjukuu, na babu yake alipokuwa hai alikuwa akituambia tusigombane hadharani. Akasema, "Bibi, wakinipokonya gari nitarudi kuuza gengeni?" Nikamsogezea sahani.

Fundi ana kibanda karibu na stendi ya Same, ukuta mzima spika, mtu mzima wa miaka arobaini hivi, mnene, mpole, ana bisibisi sikioni kama karani na kalamu. Upepo wa Same ulikuwa unamwaga vumbi juu ya kila kitu na yeye anafuta kwa kiganja bila kuangalia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Redio yako inamfukuzisha mjukuu wangu kazi."

"Redio yangu?" Akacheka. "Dada, hebu washa tuone."

Mjukuu akawasha. Kwaya ikaanza. Fundi akasikiliza kidogo, akatingisha kichwa. "Muziki unatoka kwenye simu, unaingia kwenye redio, unatoka kwenye spika. Basi bluetooth imeshika na spika ni nzima. Ngoja nikupigie." Akapiga kwa simu yake. Kwaya ikanyamaza, simu ya mjukuu ikaita mapajani. Alipopokea, fundi alisikika kwenye simu, si kwenye spika.

"Redio haina ugonjwa," akasema. "Nipe hiyo simu."

Nilitaka kumwambia ugonjwa hauwezi kuwa kwenye simu, lakini nikajizuia. Mjukuu akashuka, fundi akakaa kiti cha dereva, akaingia kwenye mipangilio, akafika kwenye vifaa vilivyounganishwa, akapata jina la redio yetu, na pembeni yake kialama kama gurudumu la baiskeli lenye meno. Akabonyeza hapo. Akatugeuzia kioo.

"Someni wenyewe. Bluetooth si mlango mmoja. Ni milango mitatu. Huu wa sauti ya maudhui, yaani muziki, uko wazi. Huu wa simu umefungwa. Na huu wa kushiriki anwani umefungwa. Kwa hiyo simu inaipa redio nyimbo tu. Maongezi inajiwekea yenyewe, na majina haitoi. Redio imeagizwa iimbe, inaimba. Mnailaumu nini?"

Tukainamia kioo, mjukuu akisoma kwa macho, mimi kwa kidole.

"Hii milango haijifungi," fundi akasema. "Mlango wa simu ulikuwa wazi mwanzoni?"

"Ulikuwa wazi," mjukuu akasema taratibu.

"Nani kaufunga?"

Mjukuu akatazama spika ukutani, akatazama viatu vyake, akanitazama mimi. "Bibi, usinikasirikie."

"Sema."

Akasema. Wiki ile ya kwanza alikuwa anashuka na mke wa mwinjilisti kiti cha nyuma, amepakata majogoo wawili. Simu ikaita, kioo kikaonyesha tarakimu tupu. Mjukuu alidhani ni mume wa mama mmoja wa kitongoji cha juu aliyekuwa anasubiri uchungu, akabonyeza kupokea. Spika zote nne zikasema, kwa sauti ya kiume, tamu, "Ua langu, leo umeniota?"

Fundi akainama kama anatafuta skrubu.

"Ua lako nani?" nikauliza.

"Bibi, ngoja nimalize."

"Ua la nani?"

"Ni kijana wa mzee Kileo. Mwalimu. Bibi, mtu mzuri. Nilikuwa nakuja kukwambia." Akafunika uso. "Mke wa mwinjilisti alikohoa mpaka tukafika kwenye lami. Hata majogoo walinyamaza. Nilipomshusha, nikaingia kwenye hii simu, nikazima kila nilipoona neno simu. Baadaye nilizima bluetooth yote nikaiwasha tena, nikadhani imerudi kama mwanzo."

"Hairudi," fundi akasema, bado kainama. "Inakumbuka ulichomwagiza kwa kila kifaa. Ukiwasha tena inakuja vile vile ulivyoiacha."

"Lakini ule wa majina mimi sikuugusa," mjukuu akasema. "Nakuapia, Bibi. Majina hayakuwepo tangu siku ya kwanza. Yangekuwepo ningemwona ni yeye, nisingepokea."

Sasa hapo ndipo nilipotaka vumbi la Same linifunike. Kwa sababu nilishaelewa. Ule mlango wa tatu, wenye neno anwani, niliufunga mimi, kwa kidole hiki. Jina lisingekosekana, mjukuu asingepokea simu ile. Asingeipokea, asingeaibika. Asingeaibika, asingezima. Asingezima, trafiki wangemkuta na mikono miwili kwenye usukani. Nilikuwa nimetoka Vudee nimebeba kifua mbele kwenda kumgombeza fundi, kumbe mwizi wa funguo ni mimi.

"Baba," nikamuuliza fundi, "anwani ni nini?"

"Kwenye simu? Ni majina na namba za watu wako, Bibi. Kitabu chako cha simu."

"Si mahali mtu anapokaa?"

"Kwenye simu, hapana. Wametafsiri hivyo."

"Nani katafsiri?"

"Sijui, Bibi. Watu wenye simu."

"Waambie wana akili fupi," nikasema. Halafu nikawaeleza yote: swali, Ruhusu na Kataa, ukucha. Mjukuu alinitazama mdomo wazi. Nikangoja anikasirikie, na angekuwa na haki. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari, na fundi naye akaruhusiwa kucheka, tumbo lake likagonga usukani na honi ikalia.

"Kwa hiyo uliogopa redio ije nyumbani," mjukuu akasema.

"Ningeikuta sebuleni imekaa."

Fundi akafungua mlango wa simu kwanza, akapiga tena. Safari hii sauti yake ikajaa garini, na mjukuu akamjibu bila kushika kitu, kwa sababu kuna kipaza sauti kidogo kama punje ya mtama juu ya usukani. Akafungua na wa anwani. Lakini orodha kwenye redio ikabaki nyeupe. Akasema anwani zikikataliwa tangu mwanzo wakati mwingine zinanuna, afadhali simu na redio ziachanishwe na kufungishwa ndoa upya. Akaifanya simu iisahau redio, na redio iisahau simu, akaanza tena. Zikaja namba sita, tukalinganisha. Swali likaja.

Akanipa simu. "Bibi, wewe."

Nikalisoma lote kwa sauti, hapo stendi, mpaka mwisho. Nikabonyeza Ruhusu. Fundi akagusa kwenye redio palipoandikwa kupakua, tukasubiri kidogo, majina yakaanza kushuka kwenye kioo kama watu wanaotoka kanisani. Shangazi zake, wanakwaya, mama wa duka. Yule mwalimu naye akapita, nikamwona, ameandikwa "Mwl." peke yake, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango na miguu inaonekana. Muuguzi hakuonekana. Fundi akatafuta, akakuta namba yake na nyingine chache za zamani zimehifadhiwa kwenye laini, na redio ile ilivuta zilizo kwenye simu yenyewe tu. Akazinakili kutoka kwenye laini, akapakua tena. Muuguzi akaja.

Tulianza kupanda mchana. Mjukuu aliimba mpaka kona ya tatu. Hapo kwaya ikanyamaza, kioo kikaandika BABA.

Akabonyeza kitufe cha kijani kwenye redio, mkono ukarudi kwenye usukani. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Uko wapi?" Mwanangu sauti yake ni kubwa hata dukani. Humo garini ilikuwa kama amekaa katikati yetu.

"Tunapanda, Baba."

"Unapanda na unaongea. Umeshika simu."

"Sijashika."

"Mama yupo? Mama, kashika simu?"

"Mikono yake yote miwili naiona," nikasema. "Simu iko kwenye kapu langu, chini ya mkate. Wewe uko kwenye spika."

Nikaona ningeweza kuishia hapo. Fundi kaponya redio, mambo yamekwisha, nani angejua? Lakini yule mtoto alitazama barabara tu, hakunitazama hata kwa pembe ya jicho, hakunidai kitu. Nikashindwa.

"Mwanangu, sikiliza. Aliyeharibu ni mimi. Simu iliomba ruhusa ya kuipa redio majina, mimi nikakataa. Binti yako akawa hajui nani anampigia. Mengine yote yamezaliwa hapo." Habari ya ua sikuigusa. Hiyo si ya spika.

"Wewe, Mama?"

"Mimi."

"Wewe uliyenipigia kelele jana."

"Huyo huyo."

Nilisikia mtu anapimiwa unga kule dukani, nikasikia mwanangu anapumua. "Nimeshampa yule dereva neno langu," akasema.

"Mwambie mama yako alikosea. Mzigo nipe mimi. Kama kuna neno la kuvunja, usivunje ulilompa binti huyu, vunja ulilompa mwanamume mwenzako, ni mtu mzima, atavumilia."

Tukamaliza kona mbili. Mjukuu alibadilisha gia taratibu kana kwamba gia ni yai.

"Binti atapandisha unga wa shule Jumatatu," mwanangu akasema mwishoni. "Saa moja asubuhi awe hapa. Asichelewe."

"Sitachelewa, Baba."

"Angalia barabara." Akakata.

Hatukupigiana makofi. Mjukuu alifuta jicho kwa bega, mikono ikabaki pale pale. Nikamkatia mkate, nikamlisha mdomoni.

Hatujafika hata kwenye daraja, kioo kikaandika tena, herufi kubwa, MUUGUZI ZAHANATI. Nikalisoma kwa sauti ingawa hakuniomba.

"Dada, uko mbali?" muuguzi akauliza. "Ninaye mmoja, ni wa kwanza, amekuwa akitembea uani tangu asubuhi."

"Dakika ishirini," mjukuu wangu akasema. "Mwambie avae viatu. Bibi yangu anahamia kiti cha nyuma."